Uzi: Ukurasa wangu wa katuni watu wanasoma jibu kabla ya swali, jicho linapotelea wapi?

winoMweusi
Habari za humu wadau. Nachora katuni za kuchekesha, ukurasa mmoja hadithi moja, na nataka nikusanye kurasa 16 nitoe kijarida cha fotokopi. Sasa kuna huu mmoja wa daladala ambao kwa mawazo yangu ndio mkali kuliko yote, ila kila ninayempa anacheka kiubaridi halafu ananirudishia. Picha nimeiweka hapo, ila wenye bando la kuungaunga nawaelezea.

Karatasi ni A4 ya kusimama. Boksi la 1 limechukua upana wote wa juu, tuko ndani ya gari tunatazama kutoka mbele kwenda nyuma, konda yuko mlangoni upande wa kulia wa picha anasema "Sogeeni nyuma, nyuma kweupe!" na jamaa aliyesimama kushoto anamjibu "Nyuma wapi, tukalie egzosi?" Boksi la 2 ni dogo, liko kushoto chini ya hilo, bibi anatoa noti ya buku mbili anasema "Haya mwanangu, nauli hii hapa, chenji nitakukumbusha nikishuka." Boksi la 3 liko kulia kwake, hilo ni refu, linashuka kweli, sura ya konda imejaa boksi zima kainua noti juu kwenye mwanga: "Bibi, hii imechanika na imebandikwa selotepu, siipokei!" Boksi la 4 lipo kushoto chini ya la 2, bibi anatabasamu: "Ndiyo hiyohiyo uliyonirudishia jana." La 5 limechukua upana wote wa chini, halina maneno, gari zima linakufa kwa kicheko na konda anaangalia nje.

Niliwapa watu wanne pale kijiweni bila kuwaambia kitu. Watatu wameniuliza "hiyohiyo ipi?" Hapo ndo nikajua wanasoma la 4 kabla ya la 3. Nimejaribu kuongeza ukali wa sura ya konda labda ivute jicho, wapi. Niambieni ukweli, msinionee haya.

Chapati_Mbili
Mbona mimi nimeelewa vizuri tu, nimecheka sana hapo kwa bibi

winoMweusi
Chapati umesoma maelezo yangu kwanza au umeangalia picha kwanza?

Chapati_Mbili
Maelezo 😅 sasa we si ndo umeyaweka juu

KondaMstaafu
Dogo nimepiga ukonda miaka 11 nakuambia hapo umekosea. Konda hapokei nauli gari likiwa linajaza, anapokea likishaondoka, na noti yenye selotepu anaipokea vizuri tu kwa sababu na yeye ataisukuma kwa mwingine jioni. Atakayekataa ni yule mgeni wa ruti. Kwa hiyo hadithi yenyewe haina ukweli, ndo maana hawacheki.

winoMweusi
Shikamoo mzee. Hahaha sawa nimekuelewa, ila swali langu ni mpangilio wa maboksi, siyo noti.

KondaMstaafu
Marahaba. Mpangilio sijui, ila noti najua.

Msee_wa_Rangi
Niko Nairobi, nafanya murals na komiki kidogo. Buda shida yako ni macho. Makanga kwa hiyo boksi refu anaangalia kulia, yaani anaangalia nje ya karatasi, na msomaji huwa anafuata vile mhusika anaangalia. Mgeuze uso aangalie chini kushoto kwa shosho, hapo jicho litarudi boksi ya 4 lenyewe. Usibadilishe kitu ingine, ni hiyo tu.

winoMweusi
Hii naona ina akili na ni rahisi, nageuza uso tu. Nitajaribu leo usiku.

Bi_Karatasi
Subiri mdogo wangu usipoteze wino. Msee wa Rangi amesema jambo la kweli ila halitibu ugonjwa huu. Mwelekeo wa macho ya konda unamsaidia mtu ambaye tayari yuko ndani ya boksi la konda na anatafuta pa kwenda. Wasomaji wako hawajafika huko kabisa. Kosa linatokea wakitoka boksi la 2, pale ndipo wanapochagua kuvuka kulia au kushuka, na wanashuka. Konda hata akiangalia chini kushoto na taa ya tochi, wao wameshapita.

Mimi napanga kurasa za vitabu vya hadithi za watoto na huu mtego nimeuona mara nyingi hadi nauota. Umbo lenyewe ndilo baya: boksi dogo juu kushoto, dogo jingine chini yake, na kulia kuna refu linaloziba yote mawili kama ukuta. Ukiweka hivyo msomaji anamaliza vidogo vya kushoto kwanza ndipo anaenda kwenye ukuta. Kuna mtafiti anaitwa Neil Cohn, mwaka 2013 alichapisha jaribio ambapo aliwapa watu kurasa zenye maboksi matupu, hakuna mchoro hakuna maneno, akawaambia waandike namba kwa mpangilio ambao wangesoma. Kwenye umbo hili wengi mno walishuka. Maboksi matupu, umenielewa? Hapakuwa na uso wala macho wala chochote, na bado walishuka. Kwa hiyo hawa wa kijiweni kwako hawana kosa na wala uchoraji wako hauna kosa.

Ukitaka kujua kwa nini, usiangalie maboksi, angalia vile vichochoro vyeupe katikati yao. Pita na kidole. Kile cha kulala kati ya la 1 na hayo ya katikati kinakatiza karatasi nzima kutoka ukingo hadi ukingo, na kile cha juu ya la 5 vilevile, kwa hiyo ukurasa unagawanyika kwanza kwenye ngazi tatu. Vizuri. Sasa ingia ngazi ya katikati: kichochoro cha kusimama, kilichopo kati ya la 2 na la 3, kinashuka moja kwa moja mpaka chini bila kukatika. Kichochoro cha kulala kati ya la 2 na la 4 kinaanza kushoto halafu kinagonga ukuta wa konda kinafia hapo. Kile kisichokatika ndicho kinachogawa. Ni kama majaruba ya mpunga, tuta refu ndilo linasema hili shamba la nani na lile la nani, vituta vifupi ni vya ndani ya shamba. Umewafanya la 2 na la 4 kuwa shamba moja, na mtu halimi nusu ya shamba akahamia kwa jirani halafu arudi kumalizia.

Kenji_wa_Temeke
mimi nimesoma konda kwanza kabisa kabla hata ya bibi kutoa hela nikashangaa anakataa noti gani. lakini mimi nasoma manga sana kwa hiyo macho yangu yanaanza kulia. braza kwa nini usifanye tu kama manga, kulia kwenda kushoto, shida yote inaisha

Bi_Karatasi
Haiishi Kenji. Ukisoma kutoka kulia unapata konda refu, kisha bibi anatoa noti, kisha bibi anajibu. Konda anakataa noti ambayo hajapewa. Na maneno yenyewe ya Kiswahili bado yataenda kushoto kwenda kulia ndani ya kila puto, utakuwa unamvuta msomaji kamba pande mbili.

Kenji_wa_Temeke
aah kweli

Zuhra_Muscat
Hapo kwenye kugeuza nina la kusema. Huku vitabu vya katuni vya Kiarabu vinaanzia kulia, na wakichukua cha Kizungu mara nyingine wanaugeuza ukurasa mzima kama kwenye kioo. Na Wazungu nao zamani walizigeuza manga hivyohivyo zisomeke kutoka kushoto. Maboksi yanakaa sawa ila kila mtu anakuwa mashoto, na maandishi ya kwenye ukuta lazima yaandikwe upya. Kwa hiyo hata kwa kugeuza boksi moja tu, angalia usije ukapata ajabu.

winoMweusi
Duh dada Zuhra umenikumbusha kitu. Boksi la 1 konda anaongea kwanza ila yuko kulia, na jamaa anayejibu yuko kushoto, mmoja wa wale wanne alisoma "tukalie egzosi" kwanza. Nilikuwa nataka nikigeuze tu kama kioo konda aende kushoto, dakika moja kwenye kompyuta.

KondaMstaafu
Ukigeuza hivyo mlango unahamia upande wa dereva. Hapo sasa nakuja huko ulipo nikupige 😂 Bongo tunaendesha kushoto, mlango wa abiria uko kushoto kwa gari. Wewe umechora unatazama nyuma ndo maana mlango unaonekana kulia kwako, umepatia. Ukigeuza, konda anashushia abiria katikati ya barabara.

Bi_Karatasi
Mzee Konda leo umenifanyia kazi yangu. Winomweusi, usigeuze picha, hama kiti. Nenda kaketi siti ya nyuma kabisa utazame mbele. Mlango unakuja kushoto kwako wenyewe, dereva kulia, konda amesimama kushoto anatugeukia sisi anasema "sogeeni nyuma", yaani anatuambia sisi wasomaji, na jamaa anayejibu unampa nafasi kulia. Sasa wa kwanza kuongea yuko kushoto na wa pili kulia, hutakuwa na haja ya kurusha mkia wa puto juu ya vichwa vya watu.

Wengi wakikuta tatizo hili wanaacha mchoro ulivyo wanahamisha puto peke yake, wanalipeleka juu kabisa kushoto na mkia mrefu kama utepe unaokatiza boksi zima kumfuata msemaji kulia. Inawezekana kama mkia unapita kwenye dari tupu. Kwako ungepita juu ya kichwa cha yule anayejibu, na mkia ukipita karibu na mdomo wa mtu mwingine, msomaji anamkabidhi huyo maneno.

Msee_wa_Rangi
Sawa dada nimekubali kwa hiyo ya juu. Lakini kwa ile ya katikati bado nasema kuna njia bila kuchora upya. Chukua puto ya makanga ikae juu ya ile kichochoro, nusu iko boksi ya shosho nusu iko boksi refu, kama daraja. Mtu akimaliza kusoma shosho anapata hiyo puto ingine iko karibu kuliko boksi ya chini, anavuka. Hiyo nimefanya mimi na ikafanya kazi.

Bi_Karatasi
Daraja linafanya kazi, sikukatalii. Ila lina masharti. Lazima puto la bibi liwe juu kulia ndani ya boksi lake, liguse au likaribiane na hilo la daraja, na chini pawe kimya. Sasa tazama puto la bibi la boksi la 2 liko wapi na lina umbo gani.

winoMweusi
Liko kushoto, limeshuka kama soksi 😅 mistari saba

Bi_Karatasi
Ndiyo. Na ncha yake ya chini iko karibu kabisa na boksi la 4. Umejenga ngazi, mtu anashuka. Nikuulize, kwa nini ulilifanya jembamba hivyo?

winoMweusi
Sikutaka lifunike mkono wa bibi unaotoa noti. Na neno "nitakukumbusha" lilikuwa haliingii nikalikata "nitaku-" mstari mmoja "kumbusha" mstari wa chini.

Fundi_Herufi
Samahani kwa kudandia, mimi naandika maneno ya kwenye maputo kwa vitabu vilivyotafsiriwa na hapo kwenye soksi ndo maisha yangu. Mchoraji wa Kizungu anaacha puto la maneno mafupimafupi, linasimama vizuri kama yai. Kiswahili kinakuja na neno moja herufi 14 ndo hilo "nitakukumbusha", na "uliyonirudishia" ni 15, halikatiki bila kuumia. Ukilazimisha umbo la yai la kusimama unapata herufi za mchwa au maneno yaliyovunjika mgongo. Mimi siku hizi naanza na neno refu kuliko yote kwenye sentensi, naliandika kwa saizi ninayotaka, upana wake ndo upana wa puto, halafu mengine nayapanga juu na chini yake. Kwa hiyo maputo yetu yatakuwa mapana na mafupi, ya kulala, na mchoraji inabidi aache nafasi juu ya vichwa toka kwenye penseli, asisubiri mwisho.

Na kwa suala lako puto la kulala linasaidia kwa sababu jicho linalisoma likielekea kulia na linaishia kulia. Lile la mistari saba linaishia chini.

La mwisho, punguza maneno. Bibi anasema mambo matatu pale. "Chenji nitakukumbusha" inatosha, kwa sababu noti tunaiona mkononi.

NesiMchoraji
Mimi siyo wa katuni ila nimesoma uzi huu nikakumbuka machungu. Kuna mradi mmoja uliwahi kuniomba nichore bango la kuchanganya maji ya chumvichumvi ya pakiti kwa mtoto mwenye kuhara. Picha sita, nikaziweka safu mbili za kusimama, tatu kushoto tatu kulia, nikitaka isomwe kwa mlalo, mbili juu, mbili katikati, mbili chini. Nilikuwa nimebanana na nembo zao chini, kwa hiyo picha zikagusana juu na chini na katikati pakabaki pengo kubwa. Akina mama wakasoma kushoto yote kwanza. Picha ya kupima lita moja ya maji ilikuwa kulia, kwa hiyo kwa mpangilio waliosoma, unafungua pakiti, unakoroga, unamnywesha mtoto, halafu ndo unapima maji. Wale wa mradi walisema akina mama hawajui kusoma picha. Mpaka leo nikikumbuka nasikia hasira.

Bi_Karatasi
Pole dada nesi. Ni ugonjwa uleule, vitu vilivyokaribiana jicho linaviona ni ndugu. Ungebana pengo la katikati na kuachanisha mistari ya kulala wangesoma ulivyotaka, kwa picha zilezile.

Mzalendo_wa_Vibonzo
Mnazungukaaa. Weka mshale. Mshale mdogo kwenye kichochoro kutoka la 2 kwenda la 3 na mwingine kutoka la 3 kwenda la 4. Au andika namba pembeni. Zamani katuni za magazeti zilikuwa na namba na hakuna aliyekufa.

Fundi_Herufi
Mshale ni kukiri kwamba umeshindwa kupanga

Mzalendo_wa_Vibonzo
Mshale ni kukiri kwamba msomaji ana haraka yuko kwenye foleni. Nyie mnachora kwa ajili ya wachoraji wenzenu.

Fundi_Herufi
Kwenye utani, mtu akisimama kuangalia mshale ameshapoteza mwendo. Ni kama kumwambia mtu "sasa hapa ndo uchekee".

Mzalendo_wa_Vibonzo
Afadhali hiyo kuliko "hiyohiyo ipi?"

winoMweusi
Jamani msigombane kwenye uzi wangu. Bi Karatasi, kama daraja ni la mashaka na mshale una maneno, wewe ungefanyaje?

Bi_Karatasi
Mimi nisingebishana na jicho. Wasomaji wameshakuambia njia wanayopita: kushoto juu, kushoto chini, halafu ukuta wa kulia. Basi wape hadithi kwa njia hiyohiyo. La kushoto juu bibi anatoa noti. La kushoto chini, ambalo sasa ni dogo, konda anaikataa. Na lile refu la kulia mpe bibi na jibu lake. Hujabadilisha umbo la ukurasa hata milimita moja, umehamisha maudhui tu, na zawadi ni kwamba jibu la bibi ambalo ndilo chumvi ya hadithi limepata boksi kubwa. Kwa sasa umempa boksi kubwa mtu anayeuliza swali na aliyejibu umembana.

Halafu vichochoro. Umeacha milimita 3 kila mahali, ndo maana ukurasa unaonekana kama vigae vya bafuni. Acha 3 kati ya hivyo viwili vya kushoto viwe ndugu, kile cha kusimama fanya 5 au 6, na vile vya kutenganisha ngazi fanya 7.

winoMweusi
Dada yangu nimekuelewa lakini roho inauma. Ile sura ya konda nimeichora siku mbili, kila tone la jasho. Kuiweka kwenye kiboksi cha kushoto chini itakuwa kama picha ya paspoti.

Bi_Karatasi
Ichanganue, ikate kidevu na mkono unaoshika noti, au iweke kwenye jalada la kijarida. Hapo kwenye ukurasa inachora vizuri na inasoma vibaya.

Msee_wa_Rangi
Mimi niko na swali kwa hiyo plan. Ukifungua ukurasa kitu ya kwanza unaona ni shosho mkubwa anacheka kwa boksi refu. Si unakuwa umeuza jibu kabla ya mtu kuanza?

Bi_Karatasi
Swali zuri na sina jibu safi. Jicho linapiga chabo ukurasa mzima kabla ya kuanza kusoma, hilo halizuiliki. Ninachofanya ni kuliweka puto la jibu chini kabisa ya boksi refu. Sura utaiona mapema, maneno utayafikia zamu yake. Na tabasamu la bibi peke yake haliuzi kitu, linakufanya ujiulize anachekea nini. Kisha puto likiwa chini linakuangusha moja kwa moja kwenye la 5.

Fundi_Herufi
Hapo mimi sikubaliani kidogo. Ningeacha ngazi ya katikati maboksi matatu sawa kwa mstari mmoja, noti, swali, jibu, hakuna refu hakuna fupi, na ukubwa wote nikaupeleka la 5 la kicheko. Mstari mmoja hauna mtego wowote.

Bi_Karatasi
Hauna mtego kweli, ila A4 ukiigawa tatu unabaki na kama sentimita 6 kwa boksi, na wewe ndo umetoka kutuambia maputo yetu ni mapana. "Uliyonirudishia" itakaa wapi?

Fundi_Herufi
😂 haya umenishika. Ila bado naipenda.

Chapati_Mbili
Si uweke tu ya kushuka ya simu, boksi moja chini ya jingine, mtu anatelezesha kidole

winoMweusi
Chapati ni kijarida cha fotokopi, hutelezeshi kidole kwenye karatasi. Ila nitakata maboksi niyatume hivyo kwenye magrupu baadaye.

*(siku nne baadaye)*

winoMweusi
Nimerudi. Nimechora upya la 1 kutoka siti ya nyuma, konda kushoto, dereva anaonekana kisogo kulia. Katikati nimefanya kama alivyosema Bi Karatasi, na puto la bibi la kwanza sasa ni la kulala, mistari miwili, "Haya mwanangu. / Chenji nitakukumbusha." Sura kubwa ya konda nimeipeleka jalada, roho imetulia. La 5 nimeliacha tunatazama kutoka mbele kama zamani ili nyuso zote zinazocheka zionekane.

Kabla ya kuwapa watu nikafanya kitu, nilichora maboksi matupu kwenye karatasi nyingine, bila picha, nikampa mdogo wangu kalamu nikamwambia weka namba. Akaweka bila kusita. Nikafanya na ule ukurasa wa zamani mtupu, akaweka namba zilezile! Yaani kosa lilikuwepo hata kabla sijachora mstari wa kwanza wa sura, na siku mbili zangu zilienda hivihivi.

Halafu nikawapa watu watano ambao hawakuuona wa zamani, nikawaambia wasome kwa sauti huku wanafuata na kidole, mimi kimya. Wanne wamepita vizuri na wawili kati yao wamecheka kwenye jibu, siyo kwenye la 5. Wa tano ni mtoto wa jirani, miaka tisa, ameanzia kwa bibi mkubwa moja kwa moja, akasoma jibu, ndo akarudi juu.

Msee_wa_Rangi
Niliwaambia!! Shosho mkubwa ameuza jibu

Bi_Karatasi
Kwa mtoto inawezekana, wengi wanaanzia kwenye sura kubwa. Alipomaliza kuanzia juu, kidole kilirudi nyuma tena au kilinyooka?

winoMweusi
Kilinyooka. Na akacheka mara ya pili. Mara ya kwanza hakucheka.

Bi_Karatasi
Mimi ningeacha. Ila jaribu kuipunguza sura ya bibi kidogo, ionekane na kiti na dirisha, boksi libaki refu lakini uso usiwe mkubwa kuliko nyuso za la 1. Halafu mpe mtoto mwingine, siyo huyohuyo.

Mzalendo_wa_Vibonzo
Mshale.

Fundi_Herufi
Achana naye

KondaMstaafu
Nimeuona mpya. Mlango uko mahali pake, safi kabisa. Ila dereva umemvalisha mkanda, hiyo ndo sijawahi kuona. Na lile la noti bado nasimamia palepale, angeipokea.

winoMweusi
Hahaha mzee wangu. Mkanda naufuta leo, nikimaliza uso wa bibi naweka toleo la tatu hapa.